Konzi moja, sio ukufi: karanga na korosho kiasi gani kwa siku

(Haya niliyaongea mbele ya watu kama sitini hivi, baadae wengine wakaniomba niyaandike. Nimeyaweka karibu sawa na nilivyoyasema, na vile vipimo tulivyopima pale pale nimeviweka kama vilivyotoka.)

Habari zenu ndugu zangu, shikamooni wazee wangu.

Kabla sijasema chochote, hili bakuli mnaloliona lina karanga za kukaanga, nimelipima hapa mbele yenu na mmeona wenyewe kwenye mizani, gramu 400 ukitoa uzito wa bakuli. Nalipitisha mstari wa mbele, hapo mko wanane, kuleni wakati mi naongea, msione aibu. Ila kama kuna mwenye aleji ya karanga au jamii yake yoyote tafadhali usiguse hata moja na bakuli lisikae kwako, mwenye aleji hana kiasi salama na haya yote nitakayoyasema leo hayamhusu.

Sasa basi. Nimekuja kuongea kitu kimoja tu, kiasi. Kwamba karanga, korosho, lozi na wenzao ni chakula kizuri hilo mnalijua tayari, zina protini, zina nyuzinyuzi, mafuta yake mengi ni yale ambayo moyo hauna ugomvi nayo. Shida inaanza pale mtu akishaambiwa kitu ni kizuri anasikia kama ameambiwa kula unavyotaka, na hapa kwenye karanga hayo mambo mawili yako mbali sana.

Chukua gramu 100 za karanga. Humo ndani karibu nusu yake, gramu kama 49, ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4 tu, kwahiyo hayo mafuta peke yake yanakupa kalori 440 na kitu, ukijumlisha na vilivyobaki unafika kama 567. Korosho iko kwenye 550, lozi 580 hivi, makadamia ndio imevuka zote inapita 700. Afu kuna jambo la pili ambalo watu hawalifikirii, maji. Tunda lolote lenye majimaji sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, yanajaza tumbo na hayana kalori, ila karanga iliyokaangwa maji yake ni kidogo mno, kwahiyo kila unachoweka mdomoni ni chakula kitupu. Ndio maana macho yanadanganya, unaona kakitu kadogo kiganjani na tumbo nalo linaona kadogo, ila hesabu yake ni ya sahani.

Kuhusu kiasi chenyewe, namba ambayo mi naisimamia ni gramu 30 kwa siku kwa mtu mzima. Sijaiokota hewani. Ule utafiti mkubwa wa Hispania unaoitwa PREDIMED, ambao ulifuatilia maelfu ya watu waliokuwa kwenye hatari ya ugonjwa wa moyo, kundi moja lilipewa mchanganyiko wa lozi na wenzao gramu 30 kwa siku, na nusu yake ilikuwa jozi, zile ambazo kwa Kiingereza wanaziita walnut. Marekani nao mwaka 2003 mamlaka yao ya chakula na dawa iliporuhusu makampuni yaandike kwenye pakiti kuhusu karanga na moyo, kiasi kilichotajwa kilikuwa wakia moja na nusu, yaani kama gramu 42. Kwahiyo ukiwa kati ya 30 na 42 uko mahali pazuri, na kama uzito wako ni kitu unachokipigania baki kwenye 30.

Gramu 30 za karanga ni kalori kama 170. Hiyo sio kitu cha kuogopa hata kidogo. Ila gramu 30 ni ngapi mkononi? Hapa ndio nataka tukae.

Nilimwomba dada mmoja aje mbele, mkono wake ni wa kawaida tu, nikamwambia chota karanga konzi moja, yaani chota afu ufunge vidole vyote, zinazodondoka ziache zidondoke. Tukaziweka kwenye mizani, gramu 31. Nikamwambia sasa chota ukufi, kiganja wazi, jaza kama unavyojaza ukiwa nyumbani mbele ya tivii. Mizani ikasoma 58. Mkono ule ule, mtu yule yule, na ukimuuliza nyumbani anakula kiasi gani atakwambia "kamkono kamoja tu", na anasema kweli kabisa, ni kamkono kamoja. Tofauti ya konzi na ukufi ni karibu mara mbili. Akaja kaka mmoja mwenye mkono mkubwa, konzi yake ikatoka 40, ukufi wake 77. Kwahiyo hata konzi inategemea mkono wa nani, na we mwenye mkono mkubwa inabidi uujue mkono wako, pima mara moja tu kwenye mizani ya jikoni uone, baada ya hapo huhitaji tena mizani kila siku.

Kama huna mizani tumia kijiko cha chakula, vijiko vitatu vya karanga visivyo na mlima vinakuja kama gramu 27 mpaka 30. Korosho unaweza kuhesabu, nzima zisizovunjika za saizi ya kawaida ni kama 18 mpaka 20. Lozi ni kama 23 au 24. Makadamia kumi na kitu tu basi. Karanga mi sishauri kuhesabu kwasababu mbegu zinatofautiana sana ukubwa, kuna karanga nene na kuna zile ndogo nyekundu, ukihesabu utajidanganya.

Nyingine ziko peke yake, zile njugu za Brazili, kubwa kubwa ndefu. Hizo hata usifikie gramu 30. Zina madini ya seleniamu mengi sana, mwili unayahitaji kidogo tu, punje moja tu mara nyingi inamaliza mahitaji yako ya siku nzima na kuzidi, na seleniamu ikizidi siku baada ya siku nywele zinakatika na kucha zinaharibika. Moja, au mbili, basi.

Sasa niwape kisa, nimeruhusiwa kukisimulia bila jina. Alikuja kwangu mama mmoja anafanya kazi ya kukaa ofisini, amekasirika kweli, anasema mwalimu mi nimeacha soda, nimeacha kabisa, nimehamia korosho kama wanavyoshauri, na ndani ya miezi mitatu nimeongezeka kilo 3. Yaani alikuwa anahisi ametapeliwa. Nikamuuliza unakula ngapi, akasema chache tu, nadonoa. Nikaona nikiendelea kumuuliza ngapi tutazunguka, nikamuuliza swali lingine, unanunua za pakiti gani na inaisha baada ya siku ngapi? Akafikiri, akasema kopo la gramu 400, liko kwenye droo ya meza, nalinunua Jumatatu, Alhamisi jioni limeisha. Unamgawia mtu? Hapana.

Mnaona hapo? Gramu 400 kwa siku 4 ni gramu 100 kila siku. Kwenye lebo hizo ni kalori 550. Soda aliyoiacha, kopo moja la mililita 330, ni kama kalori 140. Kwahiyo ametoa 140 ameingiza 550, na milo yake yote mingine iko pale pale. Hakudanganya aliposema anadonoa, maana kila akifungua droo alikuwa anachukua tatu au nne tu, ila alikuwa anaifungua siku nzima.

Hatukuziacha korosho, na hapa nasisitiza kwasababu yeye alishaamua kuziacha. Tulifanya vitu viwili. Kopo likarudi nyumbani kwenye kabati, na asubuhi anatoa vijiko vyake anaweka kwenye kakopo kadogo kenye mfuniko, hako ndio kanaenda ofisini, kakiisha kameisha. Cha pili tukaangalia hizo gramu 30 zinakaa mahali pa nini, maana alikuwa anakula biskuti saa kumi jioni, biskuti zikatoka korosho zikaingia. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote, mtu anaongeza karanga juu ya kila kitu alichokuwa anakula, hata konzi moja ya kalori 170 ikiwa ni nyongeza tupu kila siku mwisho wake utaiona kiunoni. Baada ya wiki kama sita uzito ulisimama, afu ukaanza kushuka taratibu. Na lile kopo la gramu 400 likawa linamaliza siku 13.

Hiyo 13 naomba mwende nayo nyumbani kwasababu ndio kipimo rahisi kuliko vyote, huhitaji mizani wala kuhesabu punje. Gawa uzito wa pakiti kwa 30, unapata siku ambazo inatakiwa ikae kwa mtu mmoja. Nusu kilo, siku 16. Kilo moja kwenye nyumba ya watu wazima wanne, siku 8. Andika tarehe kwa peni juu ya pakiti siku unayoifungua, ikiisha angalia tarehe. Ikiisha mapema kuna mkono unazidi, na hapo hamna mtu wa kubishana nae, tarehe iko pale.

Kuna kitu kingine ambacho kinanifurahisha sana kama mtu wa lishe na nataka mkijue vizuri, maana wengine mtakutana nacho mtandaoni kimepindishwa. Kalori zilizoandikwa kwenye lebo za karanga na wenzake sio zote zinaingia mwilini. Wataalamu wa idara ya kilimo ya Marekani, kwenye kituo chao cha Beltsville, waliwalisha watu chakula kilichopimwa kila gramu, kipindi fulani kikiwa na lozi na kipindi kingine bila lozi, wakakusanya choo chote na mkojo wote, wakapima nishati iliyobaki humo. Majibu yalitoka mwaka 2012, gramu 28 za lozi ambazo kwa hesabu ya kawaida zilitakiwa zitoe kalori kama 170 mwili ulipata 129 tu. Baadae wakafanya na jozi, wakafanya na korosho, korosho ikatoka 137 badala ya 163.

Zimeenda wapi? Chooni. Mafuta ya lozi yamefungiwa ndani ya vichembe vidogo vidogo vyenye kuta ngumu za nyuzinyuzi, ukitafuna unavunja baadhi tu ya hizo kuta, zile ambazo hazikuvunjika zinapita tumboni na mafuta yake ndani mpaka nje. Mwili hauna kimeng'enya cha kuzivunja.

Sasa sikilizeni mpaka wake, maana hapa ndio watu wanapopotea. Kwanza punguzo sio sawa kwa zote, lozi kubwa, korosho ndogo. Pili, rudi kwa yule mama, hata ukimpa punguzo lake la korosho, gramu 100 bado zinamwachia kama kalori 490, kilo zake 3 zipo pale pale. Tatu na hii ndio kubwa, punguzo linategemea meno. Ukizisaga, umezivunja zile kuta zote mwenyewe kabla hata hujala. Walishapima na hilo kwenye lozi, iliyosagwa ikawa siagi haikuonyesha punguzo lile, mwili ulichukua karibu zote.

Kwahiyo siagi ya karanga ni karanga ambazo mashine imeshakutafunia, na isitoshe hamna kutafuna, inateleza, kijiko kinarudi kwenye kopo chenyewe. Kiasi chake ni vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa, gramu 32, kalori kama 190. Nasema vilivyosawazishwa, yaani umepitisha kisu juu. Kijiko ambacho watu wengi wanachota kina mlima, na kijiko kimoja chenye mlima ukikipima unakuta kimeshafika hizo gramu 30 peke yake. Ukila siagi asubuhi basi korosho za jioni zimeshaliwa, ni fungu moja la siku, sio fungu la karanga na fungu la korosho na fungu la siagi kila moja na lake.

Mzee mmoja pale nyuma aliuliza, mwanangu, za kukaanga kwa mafuta si ndio mbaya zaidi, mi nikila zilizokaangwa kavu si naweza kuongeza kidogo? Mzee wangu swali zuri, jibu ni hapana. Karanga imeshajaa mafuta yake yenyewe, ukiikaanga kwenye mafuta inaongeza kidogo mno, kwa gramu 100 ni kalori kama 15 tu tofauti na ile kavu. Ubaya wa kwenye kukaanga ni chumvi, na chumvi ina kazi mbili, inapandisha presha kwa wenye presha na inafanya mkono usisimame. Jaribu mwenyewe siku moja weka za chumvi siku nyingine zisizo na chumvi uone bakuli gani linaisha. Na zile zilizopakwa sukari au unga hizo mi naziweka kwenye kundi la peremende, usizihesabu kama konzi yako.

Dada mwingine akauliza, je zile zenye maganda? Hizo ni rafiki mkubwa. Kila moja inabidi uimenye, mkono unachoka, na maganda yanabaki mezani yanakuonyesha umeshakula ngapi, kwahiyo usiyatupe mpaka umalize. Ila ukipima kwenye mizani kumbuka ganda lina uzito wake, karanga za maganda chukua gramu 40 hivi ndio upate 30 za ndani. Na unapomenya angalia, iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, au ukitafuna ukasikia uchungu, tema. Hiyo inaweza kuwa na sumukuvu na sumukuvu haiishi kwa kukaanga, usiseme nimeshalipia nisitupe.

Halafu wapo ambao hii hotuba nzima wanatakiwa waigeuze kichwa chini. Kuna mtu amekonda baada ya kuumwa, kuna mzee hamu ya kula imekata anakula vijiko vitatu anasukuma sahani, kuna anayefanya kazi ngumu ya mwili kutwa nzima. Kwao huu wingi wa kalori kwenye kakitu kadogo ndio dawa yenyewe. Chakula tiba kinachopewa watoto wenye utapiamlo mkali msingi wake ni karanga iliyosagwa, na pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, mtoto ambaye tumbo lake haliwezi kubeba sahani anaweza kubeba hiyo. Kwa mzee asiye na hamu, vijiko viwili vya siagi ya karanga ndani ya uji vinaingiza kalori 190 na uji haujaongezeka hata robo kikombe. Ila watoto chini ya miaka mitano msiwape punje nzima, inakwenda njia ya hewa na inakaba, wapeni iliyosagwa na iliyolainishwa.

Basi naomba bakuli langu lirudi. Asanteni.

(Nikaliweka kwenye mizani mbele yao. Zilibaki gramu 62. Nikawauliza wale wanane wa mbele mmoja mmoja amekula kiasi gani, wote walisema kidogo, mmoja akasema punje kama kumi, mwingine akasema mi nimeonja tu. Zilizoliwa ni gramu 338, ukigawa kwa wanane kila mtu gramu 42, kalori kama 240, na nilikuwa nimeongea dakika 35.)